Mrejesho wa mmea na udongo

Mrejesho wa mmea na udongo ni mzunguko ambao mmea hubadilisha udongo unaozunguka mizizi yake, kisha udongo huo uliobadilika huathiri mimea inayoota mahali hapo baadaye. Mabadiliko hayo yanaweza kuwa ya kikemia, kwa mfano kupungua kwa nitrojeni au kuongezeka kwa asidi. Hata hivyo sehemu kubwa ya utafiti inahusu viumbe hai wa udongoni: kuvu, bakteria, minyoo midogo ya nematodi na vimelea vingine vinavyosababisha magonjwa ya mizizi.

Mrejesho huitwa *hasi* ikiwa mmea hukua vibaya zaidi katika udongo uliotumiwa na spishi yake kuliko katika udongo uliotumiwa na spishi nyingine. Huitwa *chanya* ikiwa mmea hukua vizuri zaidi katika udongo wa spishi yake. Wanaekolojia hupima mrejesho kwa majaribio ya vyungu ili kujibu maswali mawili: kwa nini spishi nyingi za mimea huweza kuishi pamoja bila moja kuzimaliza nyingine, na kwa nini mmea usio na usumbufu kwao huwa mvamizi ukipelekwa bara jingine.

## Asili ya wazo

Wakulima walijua jambo hili kabla ya wanasayansi kulipa jina. Mkulima wa nyanya hashauriwi kuweka kitalu chake pale pale mwaka hadi mwaka, wala kukihamishia mahali palipokuwa na bilinganya, pilipili au viazi mviringo, kwa sababu mimea hiyo ni ya familia moja na hushiriki magonjwa. Miche inayooteshwa kwenye udongo uliochoka namna hiyo mara nyingi hupata kinyausi: shina huoza karibu na usawa wa udongo, mche ukaanguka na kufa. Kubadilisha mazao ni njia ya kukata mrejesho hasi.

Katika ekolojia ya misitu, Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971 walitoa, kila mmoja kwa njia yake, hoja inayofanana. Walisema kwamba maadui wa mti, kama vile wadudu wala mbegu, hujazana karibu na mti mzazi. Kwa hiyo miche iliyo chini ya mzazi hufa zaidi kuliko iliyo mbali, na nafasi hiyo hubaki wazi kwa spishi nyingine.

Hatua ya kuhamisha hoja hiyo kwenye udongo na kuifanya ipimike kwa hesabu ilichukuliwa hasa na Mmarekani James Bever. Mwaka 1994 alichapisha majaribio ya mimea ya shamba lililoachwa, na mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kielelezo cha kihisabati ambacho bado ni msingi wa majaribio mengi.

## Jinsi jaribio linavyofanywa

Jaribio la kawaida lina awamu mbili.

Ya kwanza ni *awamu ya kuzoesha udongo*. Udongo kutoka eneo moja hugawanywa katika vyungu. Katika baadhi ya vyungu hupandwa spishi A, katika vingine spishi B. Mimea huachwa kwa miezi kadhaa ili kila spishi ikusanye viumbe wake kwenye mizizi. Kisha mimea huondolewa. Sasa kuna aina mbili za udongo, udongo wa A na udongo wa B, ambazo zilikuwa moja mwanzoni.

Ya pili ni *awamu ya kupima*. Mbegu mpya za A na B hupandwa katika udongo wa aina zote mbili, hivyo kunakuwa na makundi manne: A katika udongo wa A, A katika udongo wa B, B katika udongo wa A, na B katika udongo wa B. Baada ya wiki au miezi mimea huvunwa, huoshwa mizizi, hukaushwa katika tanuri mpaka uzito usipungue tena, na hupimwa kwenye mizani.

Kuna tatizo ambalo mtafiti lazima alishughulikie mapema. Ikiwa A ni mmea mlafi wa nitrojeni, miche itakayofuata katika udongo wake inaweza kudumaa kwa njaa tu, si kwa ugonjwa. Ili kutenganisha mambo haya mawili, watafiti wengi hawajazi chungu chote kwa udongo uliozoeshwa. Hutumia kiasi kidogo, kwa kawaida sehemu moja ya kumi au chini ya hapo, na kukichanganya na udongo mwingi uliotakaswa. Kiasi hicho kidogo kinatosha kupandikiza viumbe hai, lakini hakibadilishi sana virutubishi vya chungu. Hivyo vyungu vyote huwa na chakula karibu sawa na hutofautiana kwa viumbe wao.

Udongo hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo kwenye nyuzi 121 za Selsiasi, mara nyingi kwa kurudia siku inayofuata ili kuua vijimbegu vilivyonusurika mara ya kwanza. Njia nyingine ni kuupiga kwa mionzi ya gama. Njia zote mbili zina madhara yake: viumbe waliokufa huoza na kutoa nitrojeni. Kwa sababu hiyo kulinganisha tu udongo hai na udongo uliotakaswa kunaweza kudanganya. Mmea unaweza kustawi katika udongo uliotakaswa kwa kuwa umepata mbolea, si kwa kuwa umepona ugonjwa. Kulinganisha udongo hai wa A na udongo hai wa B ni salama zaidi, maana vyote viwili vimepitia mambo yale yale.

## Kusoma matokeo

Kielelezo cha Bever hukusanya makundi manne katika namba moja:

```
Is = A(a) - A(b) - B(a) + B(b)
```

Hapa `A(a)` ni ukuaji wa spishi A katika udongo wa A, `A(b)` ni ukuaji wa A katika udongo wa B, na kadhalika. `Is` ikiwa chini ya sifuri, mrejesho wa jozi hiyo ni hasi. Ikiwa juu ya sifuri, ni chanya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Spishi A imepata gramu 4 katika udongo wake na gramu 6 katika udongo wa B. Spishi B imepata gramu 5 katika udongo wa A na gramu 3 katika udongo wake. Basi:

```
Is = 4 - 6 - 5 + 3 = -4
```

Maana yake huonekana vizuri zaidi tukiangalia udongo mmoja mmoja. Katika udongo wa A, B ana gramu 5 na A ana 4, kwa hiyo B anashinda. Katika udongo wa B, A ana gramu 6 na B ana 3, kwa hiyo A anashinda. Kila spishi hushindwa nyumbani kwake. A ikienea sana, udongo mwingi huwa wa A, na huo ndio udongo unaompendelea B. B ikiongezeka, hali hugeuka. Spishi inayoelekea kutawala hujiwekea kizuizi yenyewe, na ile iliyopungua hupata nafasi ya kurudi. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba mrejesho hasi husaidia spishi kuishi pamoja.

Mrejesho chanya hufanya kinyume. Kila spishi hushinda nyumbani kwake, na kadiri inavyoenea ndivyo inavyopata nguvu. Jozi kama hiyo haidumu pamoja katika sehemu moja: iliyotangulia au iliyoanza kwa wingi huitoa nyingine.

Lakini `Is` hasi peke yake haitoshi. Tuseme A imepata gramu 6 katika udongo wake na 5 katika udongo wa B, na B imepata gramu 4 katika udongo wa A na gramu 1 tu katika udongo wake. Hesabu inatoa `6 - 5 - 4 + 1 = -2`, yaani mrejesho hasi. Hata hivyo A inamshinda B katika udongo wa aina zote mbili, 6 kwa 4 na 5 kwa 1. Mrejesho unapunguza pengo lakini hauzibi. Kwa hiyo ili spishi mbili ziishi pamoja kwa nguvu ya udongo, mrejesho hasi lazima uwe mkubwa kuliko tofauti ya jumla ya uwezo kati yao. Makala zinazotaja ishara ya `Is` bila kutaja tofauti hiyo hueleza nusu tu ya jambo.

## Mcheri mweusi nchini Marekani

Mfano uliochunguzwa kwa hatua nyingi ni wa mcheri mweusi, *Prunus serotina*, mti wa misitu ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Mwaka 2000 Alissa Packer na Keith Clay wa jimbo la Indiana walichapisha utafiti wao juu ya mti huo katika jarida la *Nature*.

Walianza msituni. Mbegu nyingi za mcheri huanguka chini ya mzazi, hivyo miche michanga hapo ni mingi sana. Lakini walipoifuatilia kwa zaidi ya mwaka mmoja waliona kwamba miche ya karibu na mzazi ilikufa kwa wingi, na iliyo mbali ilidumu zaidi. Jambo hilo peke yake halithibitishi kwamba tatizo liko kwenye udongo. Huenda ni kivuli cha mzazi, wadudu wa majani, au msongamano wa miche yenyewe.

Kwa hiyo walichukua udongo wa karibu na miti, ndani ya mita 5, na udongo wa mbali, mita 25 hadi 30, wakaupeleka kwenye nyumba ya kuoteshea mimea. Huko hakuna kivuli cha mzazi wala wadudu wake. Sehemu ya kila udongo ilitakaswa. Miche mingi ilipopandwa pamoja katika udongo wa karibu na mzazi, kutakasa udongo kuliokoa maisha ya mingi. Katika udongo wa mbali kutakasa hakukuleta nafuu hiyo. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu inajibu lile pingamizi la mbolea: kama nafuu ingetokana na nitrojeni inayotolewa na viumbe waliokufa, ingetarajiwa kuonekana katika udongo wote mbili.

Hatua ya mwisho ilikuwa kumtafuta mhusika. Kutoka kwenye miche inayokufa walitenga kiumbe wa jenasi *Pythium*, wakamkuza peke yake, kisha wakampandikiza kwa miche yenye afya. Miche hiyo nayo ilikufa kwa wingi kuliko ile isiyopandikizwa. *Pythium* hufanana na kuvu kwa umbo lakini si kuvu wa kweli. Vijimbegu vyake huogelea katika maji yaliyo kati ya chembe za udongo, na ndiyo sababu huleta madhara zaidi kwenye udongo uliolowa. Ni miongoni mwa visababishi vya kinyausi katika vitalu vya nyanya na mboga pia.

## Mcheri huo huo Ulaya

Mcheri mweusi ulipelekwa Ulaya karne ya 17 kama mti wa mapambo. Baadaye ulipandwa kwa wingi katika misitu ya misonobari kwenye udongo wa kichanga, hasa Uholanzi na nchi jirani, ili kuboresha udongo na kukinga upepo. Matokeo hayakuwa yaliyotarajiwa. Mti ulienea wenyewe, ukafunga vichaka mnene chini ya misonobari, na Waholanzi wakaupa jina lenye maana ya tauni ya msitu.

Mwaka 2003 Kurt Reinhart, Packer, Clay na mtafiti wa Uholanzi Wim van der Putten walilinganisha mti huo kwao na ugenini. Marekani, viumbe wa udongo wa karibu na mcheri walipunguza ukuaji wa miche, kama ilivyotarajiwa. Ulaya miche iliota na kusimama vizuri karibu na miti mingine ya mcheri, na viumbe wa udongo waliiongezea ukuaji badala ya kuipunguza. Mti ulikuwa ule ule, lakini ishara ya athari ya udongo iligeuka.

Maelezo rahisi yangekuwa kwamba Ulaya hakuna *Pythium*. Si kweli, yuko. Reinhart na wenzake walifuata swali hilo, na mwaka 2010 walichapisha matokeo ya kupandikiza miche kwa *Pythium* waliotengwa Marekani na waliotengwa Ulaya. Wale wa Marekani walikuwa wakali zaidi. Kwa hiyo mti haukuacha nyuma jenasi nzima ya adui, bali aina zake zilizokuwa hatari kwake. Kwa njia hii mrejesho hufafanua sehemu ya mafanikio ya mvamizi: kizuizi kilichomfanya apishe spishi nyingine kwao hakikusafiri naye.

## Spishi adimu na spishi vamizi

Swali lililofuata ni kama mcheri ni kisa cha pekee. Mwaka 2002 John Klironomos alichapisha majaribio aliyofanya nchini Kanada kwa mimea mitano adimu na mimea mitano vamizi ya mashamba yaliyoachwa na mbuga. Mimea adimu ilidhoofika katika udongo uliozoeshwa na spishi yake, kwa sababu ilikusanya vimelea vyake upesi. Mimea vamizi haikupata hasara hiyo. Kisha alipima spishi 61 zilizoishi katika shamba moja, akaona kwamba spishi zenye mrejesho hasi mkali zilikuwa chache shambani, na zenye mrejesho hafifu au chanya zilikuwa nyingi.

Matokeo hayo huonekana kupingana na yale ya awali. Ikiwa mrejesho hasi huilinda spishi adimu isitoweke, kwa nini spishi zenye mrejesho hasi zaidi ndizo adimu? Jibu liko katika kutofautisha mambo mawili. Mrejesho hasi huizuia spishi kuongezeka kupita kiwango fulani, na wakati huo huo huizuia kufa kabisa, kwa kuwa ikipungua maadui zake nao hupungua. Spishi inayowaumizwa na udongo wake hata ikiwa na watu wachache wa aina yake huishia na kiwango cha chini. Huwa adimu, lakini hudumu.

## Mipaka ya majaribio

Kosa la kwanza ni uchafuzi. Vyungu vya udongo uliotakaswa vinaweza kuambukizwa kwa maji ya kumwagilia yanayoruka, kwa sahani ya pamoja au kwa vifaa visivyosafishwa. Dalili ni kwamba mizizi ya mimea katika vyungu hivyo, ikipakwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini, ina kuvu ambazo hazikupaswa kuwapo. Tofauti kati ya vyungu hapo hupungua, na mrejesho uliopo huonekana kama haupo.

Kosa la pili ni kuchanganya udongo. Mtafiti aliyekusanya udongo chini ya miti 10 akauchanganya kwenye ndoo moja, kisha akaujaza katika vyungu 50, hana sampuli 50 wala 10. Ana moja. Tofauti atakayoiona inaweza kuwa imetokana na mti mmoja mgonjwa uliochafua ndoo nzima. Ili kuzungumza juu ya spishi, udongo wa kila mti lazima ubaki peke yake mpaka mwisho wa jaribio.

Mpaka wa tatu ni chungu chenyewe. Ndani ya chungu mizizi imebanwa, maji ni ya uhakika na mmea ni mchanga. Nje kuna ukame, wanyama na ushindani. Mrejesho uliopimwa kwenye vyungu haulingani kila mara na ule wa shambani, hivyo namba za chungu hazifai kuhamishiwa msituni bila jaribio la hapo.

Mpaka wa nne ni muda. Mvamizi anaweza kukimbia maadui, lakini maadui wapya huweza kumzoea. Utafiti wa Jeffrey Diez na wenzake nchini Nyuzilandi, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba spishi za kigeni zilizokaa nchini muda mrefu zilikuwa na mrejesho hasi zaidi kuliko zilizofika karibuni. Jaribio la mwaka mmoja ni picha ya mwaka huo.

Mwisho, kumlinganisha mvamizi na majirani zake wapya hakutoshi kusema kwamba amewatoroka maadui. Mathenge, mti wa asili ya Amerika uliopandwa Baringo nchini Kenya miaka ya 1980, unaweza kupimwa katika udongo wa Baringo, na jaribio hilo lingeeleza jinsi unavyoishi na mimea ya hapo. Lakini swali la kutoroka linahitaji kipimo cha pili kutoka Amerika. Kwa kuwa sheria za karantini ya mimea huzuia kusafirisha udongo hai kati ya nchi, utafiti wa aina hii kwa kawaida hufanywa sehemu mbili: udongo hubaki kwao, na jaribio moja hurudiwa kwa utaratibu ule ule katika kila bara, kama ilivyofanyika kwa mcheri mweusi.